Wasifu wa muuguzi mpya: ule wa steshenari au ule wa wodini?

Wahitimu wa uuguzi wanaoomba kazi kwa mara ya kwanza hapa Moshi na Arusha huja na wasifu wa aina mbili. Wa kwanza nauita wa steshenari, kwa sababu mara nyingi umechapwa na kijana wa steshenari karibu na stendi, kwenye faili lililokwisha kutumiwa na watu wengine wengi. Una maelezo binafsi, lengo, elimu kuanzia shule ya msingi, uzoefu kwa mstari mmoja, mambo nipendayo, kisha wadhamini. Wa pili nauita wa wodini. Huo unafungua na usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, unaingia moja kwa moja kwenye wodi ulizozunguka na ulichofanya huko, na elimu inafuata chini kwa mistari michache.

Wote wawili unaweza kukupatia kazi, na wote wawili unaweza kukukosesha. Kinachoamua ni mahali unapoupeleka. Hospitali ya kanisa kule Kibosho au Machame, Ajira Portal ya serikali, na mfumo wa kupanga watarajali kila kimoja kinasoma kwa macho yake. Mimi nimekaa muda mrefu ofisi ya muuguzi mkuu katika hospitali moja ya mkoa wa Kilimanjaro, nikifungua bahasha za kaki na kupanga nani aitwe, kwa hiyo nitaegemea upande ninaoujua zaidi, yaani upande wa matroni anayesoma akiwa na ratiba ya zamu mezani.

Tuchukue mhitimu mmoja wa mfano. Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, ngazi ya NTA 6, ya miaka mitatu. Amefaulu mtihani wa Baraza na amesajiliwa. Wakati wa masomo alizunguka hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya wilaya na kituo kimoja cha afya. Hajawahi kuajiriwa. Hospitali ya dini iliyoko Moshi Vijijini imetangaza nafasi mbili za wauguzi, na kila mtu anajua wanahitajika wodi ya wazazi. Huu ndio wasifu wake kwa mtindo wa steshenari, nikiacha jina na anwani:

> Lengo: Kufanya kazi kwa bidii na uaminifu katika taasisi yenye ushindani ili kukuza taaluma yangu.
>
> Elimu: 2021–2024 Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. 2017–2020 Elimu ya sekondari. 2010–2016 Elimu ya msingi.
>
> Uzoefu: Mazoezi ya vitendo katika hospitali mbalimbali, 2022–2024.
>
> Sifa: Mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu na kwa usimamizi mdogo.
>
> Mambo nipendayo: Kusoma, kusafiri, kusikiliza nyimbo za injili.

Na huyu huyu, kwa mtindo wa wodini:

> Usajili: Muuguzi na mkunga aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Namba ya usajili, tarehe ya leseni kuanza na kuisha.
>
> Leba na wodi ya wazazi, hospitali ya rufaa ya mkoa, wiki 8, 2024: Nimezalisha akina mama 24 kwa njia ya kawaida nikisimamiwa na mkunga. Nimefuatilia uchungu kwa patografu. Nimesaidia kuhudumia watoto wachanga 3 walioshindwa kupumua. Nimeandika Kitabu cha 12 cha MTUHA.
>
> Wodi ya watoto, hospitali ya wilaya, wiki 6, 2023: Nimeweka kanula, nimekokotoa dozi kwa uzito wa mtoto na kuhakikiwa na muuguzi wa zamu, nimefuatilia watoto waliowekewa damu.
>
> Kliniki ya mama na mtoto, kituo cha afya, wiki 6, 2023: Nimepima wajawazito na kuandika Kitabu cha 6, nimetoa chanjo, nimetoa elimu ya uzazi wa mpango.
>
> Mafanikio: Pamoja na msimamizi wa leba, nilipanga upya trei ya dharura ya kutokwa na damu na kuandaa orodha ya kuikagua kila mwanzo wa zamu.
>
> Elimu: Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, 2024. Kidato cha nne, 2020.

Idadi hizo ni za mfano. Za kwako zitoke kwenye kitabu chako cha mazoezi. Mtu ni yule yule, na vyeti vyake havijaongezeka hata kimoja. Lakini wasifu wa kwanza unaweza kuwa wa mwanafunzi yeyote wa darasa lake, na ukibadilisha neno moja unaweza kuwa wa mhasibu. Nimewahi kusoma mmoja ambao sehemu ya lengo ilisema mwombaji anataka kuendeleza taaluma yake ya uhasibu. Kijana wa steshenari alikuwa amesahau kufuta maneno ya mteja aliyetangulia, na mwombaji hakusoma kabla ya kulipia.

Matroni anatafuta nini kwenye karatasi

Hospitali ndogo inapoajiri muuguzi mpya, jambo linalomsumbua matroni ni ratiba. Usiku leba ina mkunga mmoja, pengine na mhudumu wa afya. Akimpokea mhitimu mpya, atampanga na mkunga mzoefu kwa wiki kadhaa, kisha siku itafika ambapo huyo mpya atabaki na akina mama watatu wenye uchungu huku mwenzake amekimbilia chumba cha upasuaji. Matroni anaposoma wasifu anajiuliza siku hiyo iko mbali kiasi gani.

Wasifu wa steshenari haumjibu. "Mazoezi ya vitendo katika hospitali mbalimbali" unamwambia tu kwamba ulisoma uuguzi, jambo ambalo cheti kimeshasema. "Mazingira magumu" nayo imeandikwa na waombaji wote. Wa wodini unamjibu nusu: amekaa leba wiki nane, amezalisha, anajua patografu, hataanza kufundishwa kuandika rejista. Nusu iliyobaki ataimalizia kwenye usaili.

Hilo la rejista msilidharau. Kitabu cha 12 cha MTUHA ndicho kinachobeba kumbukumbu za leba na uzazi, na mwisho wa mwezi takwimu za hospitali hutoka humo. Muuguzi mpya asiyejua safu zake huacha mapengo ambayo mtu mwingine atakesha kuyajaza. Mwombaji akitaja kitabu kwa namba yake, msimamizi wa leba anajua huyu aliwahi kukishika. Kwa hospitali inayotumia kompyuta, taja mfumo uliowahi kuutumia kwa jina lake, kama GoTHOMIS kwenye vituo vya serikali. Kuandika "ujuzi wa kompyuta" peke yake hakumwambii mtu kitu.

Vitenzi vitatu, na kwa nini visichanganywe

Hapa ndipo wasifu wa wodini unapompatia mtu kazi au kumharibia kabisa. Kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi hutofautisha kazi aliyoiona, aliyosaidia, na aliyoifanya mwenyewe akisimamiwa. Wasifu ufuate mgawanyo huo huo. "Nimezalisha nikisimamiwa na mkunga" ni kitu kimoja. "Nimesaidia kuhudumia mtoto asiyepumua" ni kingine. "Nimeshuhudia upasuaji wa kumtoa mtoto" ni cha tatu, nacho kwa kawaida hakistahili nafasi kwenye ukurasa, maana kila aliyepita chumba cha upasuaji ameshuhudia.

Wahitimu wengi huona aibu kuandika "nikisimamiwa", wakidhani inawashusha. Kwa anayesoma ni kinyume chake. Mwanafunzi haruhusiwi kuzalisha bila msimamizi, kwa hiyo anayejisifu kuwa alizalisha peke yake ama anatia chumvi ama alivunja utaratibu, na hakuna jibu kati ya hayo mawili linalompendeza matroni.

Idadi nazo zinapimika. Wiki nane ni kama zamu arobaini. Kuzalisha akina mama 24 katika zamu arobaini, huku wanafunzi wenzako nao wakisubiri zamu yao, kunaingia akilini. Ukiandika 120 ina maana watatu kila zamu, mfululizo, kana kwamba hakukuwa na mwanafunzi mwingine hospitali nzima. Hakuna atakayekupigia simu kukukosoa. Karatasi yako itasogezwa pembeni tu. Na ukiitwa, kitabu cha mazoezi chenye sahihi za wasimamizi kinaweza kuombwa hapo hapo. Chukua idadi humo, ihesabu kwa kidole, na kama ni tisa andika tisa. Tisa zenye sahihi hazina shida.

Pia kila mstari ulioandika ni swali ulilojitungia mwenyewe. Kwenye usaili mambo huenda hivi. Binti ameingia, amesalimia shikamoo kwa kila aliye mezani, amekaa. Matroni anaweka kidole kwenye mstari wa watoto watatu.

"Umeandika ulisaidia kuhudumia watoto walioshindwa kupumua. Haya mwanangu, mtoto ametoka, halii. Unaanzaje?"

"Namkausha haraka kwa kitambaa, nakiondoa kilicholowa namfunika kikavu, namsugua mgongo. Njia ya hewa ikiwa na uchafu naisafisha."

"Bado."

"Nakata kitovu, nampeleka kwenye meza, naanza kumpa pumzi kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Kama pumzi arobaini kwa dakika."

"Utajuaje zinaingia?"

"Kifua kinapanda."

"Kisipopanda?"

"Narekebisha kichwa na barakoa, naangalia tena mdomo na pua."

Hapo matroni anageukia mstari mwingine. Mwombaji aliyesaidia kweli hujibu bila kupapasa, kwa sababu alikuwa ameshika kitambaa au saa wakati mkunga akifanya. Aliyeongeza mstari huo kwa kuwa aliuona kwenye wasifu wa rafiki yake hukwama kwenye "bado". Kwa hiyo kabla ya kuchapa, pita kila mstari ujiulize swali la pili na la tatu litakuwa nini. Umeandika ulifuatilia mtoto aliyewekewa damu: utaulizwa unahakiki nini na nani kabla ya kuitundika, na kwa nini dakika kumi na tano za mwanzo humwachi. Mstari usioweza kuutetea kwa maswali matatu, ufute.

Mafanikio ya mtu ambaye hajaajiriwa

Sehemu hii ndiyo inayowatesa wengi, na wasifu wa steshenari hukimbilia vyeti vya ushiriki: semina, mahafali, kwaya. Mafanikio ya mwanafunzi wa uuguzi huwa madogo, nayo yaandikwe kwa udogo wake. Trei ya dharura niliyoitaja kwenye mfano ni kitu kinachoonekana: kilikuwa hakijapangwa, kikapangwa, kikawekewa orodha ya kukagua. Hospitali nyingi nchini zinafuata mpangilio wa 5S, kwa hiyo msomaji anaelewa mara moja ulichofanya na kwa nini. Kuwa kiongozi wa wanafunzi wodini ni sawa kukiandika ukisema uliongoza wangapi na ulikuwa ukipanga nini. Tuzo ya mwanafunzi bora wa ukunga, kama ipo kwa maandishi, iwekwe.

Kozi fupi zina uzito kulingana na wodi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto apumue, ya kuzuia na kudhibiti maambukizi, au ya huduma ya kwanza ya kuokoa maisha yaandikwe pamoja na mwaka na aliyeyatoa. Semina ya ujasiriamali iache nyumbani.

Kuna kosa moja ambalo mtindo wa wodini unalialika na wa steshenari hauna nafasi ya kulifanya. Mwombaji akitaka kuonyesha uzoefu husimulia kisa: mama wa umri fulani, kutoka kijiji fulani, aliyeletwa usiku wa sikukuu akitokwa na damu baada ya kujifungua. Marangu au Usa River ni padogo. Mtu yeyote wa hapo atamjua huyo mama, na pengine anayesoma karatasi ni shangazi yake. Hiyo ni siri ya mgonjwa iliyotolewa nje, imewekwa sahihi na kubandikwa picha ya pasipoti. Andika kazi uliyoifanya, idadi na wodi, basi. Umri, kijiji, tarehe na kisa cha mgonjwa visionekane.

Ajira Portal: hapa steshenari inashinda

Sasa hamishia macho serikalini. Nafasi za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma zinaombwa kupitia `portal.ajira.go.tz`, na kule unajaza sehemu moja baada ya nyingine: taarifa binafsi, elimu, sifa za kitaaluma, uzoefu, mafunzo, lugha, kompyuta, wadhamini, viambatisho. Mchujo wa kwanza unaangalia kama una sifa zilizotajwa kwenye tangazo na kama viambatisho vinathibitisha. Mwenye stashahada anaomba Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada anaomba Afisa Muuguzi, na hakuna trei ya dharura itakayomvusha mmoja kwenda nafasi ya mwingine. Wakishachuja wanakuita kwenye usaili wa kuandika au wa vitendo, kisha wa mahojiano, na alama zinatoka huko.

Kwa hiyo kinachotakiwa hapa ni ukamilifu na ulinganifu. Matangazo yao hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazopatikana, na wadhamini watatu wa kuaminika. Hutaka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne au sita, na vyeti vya taaluma. Karatasi za matokeo ya muda na hati za matokeo za kidato cha nne na sita hukataliwa waziwazi. Umri wa mwisho huwekwa, kwa kawaida miaka 45. Mtindo wa steshenari, wenye tarehe ya kuzaliwa na elimu yote kwa mpangilio wa miaka, unafaa hapa kuliko ule wa wodini, mradi ufute lengo la kukopi na mambo nipendayo.

Shida inayowaangusha watu portalini ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha stashahada kina matatu, kitambulisho cha NIDA kina herufi iliyozidi, na leseni imefuata cheti cha chuo. Kwenye bahasha ya hospitali ya dini matroni ataona ni mtu yule yule. Portalini tofauti hiyo inaweza kukuondoa. Panga vyeti vyote mezani, soma majina herufi kwa herufi, na kama havilingani shughulikia hati ya kubadili jina kwa wakili kabla tangazo halijatoka, maana matangazo hukaa wazi muda mfupi. Wasifu wako utumie jina lililo kwenye vyeti; lile la nyumbani libaki nyumbani.

Mwenye shahada, kabla na baada ya utarajali

Mhitimu wa shahada ya uuguzi ana hatua ambayo mwenzake wa stashahada kwenye mfano wetu hakuipitia: mwaka mmoja wa utarajali. Nafasi hizo hupangwa kupitia mfumo wa Wizara ya Afya, na uzuri wa wasifu wako hausogezi jina lako kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Usijichoshe kuandika kurasa nne kwa ajili yake. Jaza taarifa sahihi, ambatanisha kinachotakiwa, basi.

Wasifu wa wodini unaanza kumfaa siku utarajali unapoisha. Hapo ameshazunguka wodi kwa mwaka mzima akiwa na usajili wa muda na majukumu halisi, na wengi huharibu kwa kuuweka mwaka huo chini ya "mazoezi ya vitendo" pamoja na mizunguko ya chuoni. Utarajali ni kazi. Uandike kwenye uzoefu wa kazi, juu kabisa, cheo kikiwa "Muuguzi mtarajali", jina la hospitali, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, kisha wodi moja moja na muda wake. Mizunguko ya chuoni ibaki mistari miwili chini. Aliyefanya utarajali KCMC au Mount Meru asidhani jina la hospitali litamsemea. Hospitali kubwa ina watarajali wengi, na anayesoma anataka kujua wewe ulikaa wapi humo ndani.

Anayejitolea baada ya kuhitimu, jambo la kawaida sana kwetu, afanye vivyo hivyo: uzoefu wa kazi, na neno "kujitolea" liandikwe wazi. Kulificha hakusaidii, kwa kuwa simu moja kwa msimamizi wa wodi inatosha kulifichua. Ukilitaja, hiyo simu inakuwa upande wako.

Vitu vinavyofanana kwa yote mawili

Leseni iwe ya sasa. Kwenye wasifu wa wodini inakaa juu kabisa na tarehe ya kuisha, kwa sababu hospitali haiwezi kukupanga zamu bila hiyo. Kama umefaulu mtihani na cheti hakijatoka, andika hivyo hivyo, na mwezi uliofaulu.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukifanya kazi: mwalimu wako wa vitendo, msimamizi wa wodi uliyokaa muda mrefu, mkuu wa idara au wa chuo. Baba mdogo hapana. Mchungaji au paroko anafaa kama wa tatu kwa hospitali za dini, lakini hawezi kusema lolote kuhusu mkono wako kwenye kanula. Wapigie kwanza, waambie umeomba wapi na wodi gani. Nimempigia mdhamini akauliza, "Nani huyo?" Mazungumzo yaliishia hapo.

Lugha ifuate tangazo. Likiwa la Kiingereza, wasifu uwe wa Kiingereza. Barua za maombi kwa Sekretarieti huruhusiwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Urefu, kurasa mbili zinamtosha mtu ambaye hajaajiriwa. Dini, hali ya ndoa na urefu wa mwili viondoe isipokuwa vimeombwa. Ukituma kwa barua pepe iwe PDF, na jina la faili liwe jina lako na nafasi unayoomba, siyo "sivii mpya ya mwisho 3".

Basi uchague upi

Kwa hospitali za dini na za binafsi za Arusha na Kilimanjaro, ambako karatasi yako inasomwa na mtu aliyewahi kusimama leba, nachagua wa wodini bila kusita, na wodi inayohitaji watu ikae ya kwanza hata kama si ya karibuni zaidi. Kwa portal ya serikali, wa steshenari uliosafishwa. Kwa utarajali, wowote ulio sahihi. Kwa kazi za utafiti, mathalani zile za taasisi kama KCRI pale Moshi, anza na wa wodini lakini upandishe mafunzo ya maadili ya utafiti na uzoefu wa kujaza takwimu, kwa sababu pale wanamtafuta muuguzi asiyechoka na fomu.

Kuwa na yote mawili si kazi kubwa, kwani taarifa ni zile zile. Anza na wa wodini, kwa sababu unakulazimisha kufungua kitabu cha mazoezi na kuhesabu. Ukishauandika, huo wa portal unautoa ndani yake kwa nusu saa. Ukianza na wa steshenari, huwezi kuutoa wa wodini humo, kwa kuwa idadi hazipo. Na kama kitabu cha mazoezi kimebaki chuoni, kifuate wiki hii au omba nakala ya kurasa zenye sahihi, kabla msimamizi aliyezisaini hajahamishiwa mkoa mwingine.